Kreatini: figo linaanza, ini linamaliza, na nusu kilo ya nyama inaongeza kiasi gani

Mpwa wangu amejiunga na jimu ya mtaani, ile ya vyuma vya kuchomelea na makopo yaliyojazwa zege, na tangu hapo kila akija nyumbani anakuja na swali. La wiki iliyopita lilikuwa hili: "Mjomba, kopo la unga wa kreatini siliwezi bei. Nikinywa supu kila asubuhi si nitapata ileile?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Kwamba kreatini imo kwenye nyama, hapo yuko sawa kabisa. Hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya nyama, na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeitenga mara ya kwanza mwaka 1832, aliipata kwenye nyama. Alichokosea mpwa wangu ni kudhani kwamba asiyekula hana. Mwili wake unaitengeneza mwenyewe, usiku na mchana, bila kumuuliza amekula nini. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia supu ilibidi tufanye hesabu ya vitu vitatu: kinachotoka, kinachotengenezwa na kinacholiwa.

Kazi yake nitaieleza kwa kifupi kwa sababu yeye aliijua tayari. Misuli inatumia ATP kama nishati ya papo hapo, na akiba ya ATP ndani ya msuli inatosha sekunde chache tu. Kreatini iliyobebeshwa fosfeti inakaa pembeni ikisubiri. ATP ikitumika, inapokea fosfeti hiyo na kurudi kazini. Ndiyo maana inasaidia mtu anayenyanyua chuma mara nane kwa nguvu zote, na haina msaada mkubwa kwa anayekimbia taratibu kutoka Mwenge hadi Posta.

Kinachotoka

Mwanaume mwenye kilo 70 ana kreatini kama gramu 120 mwilini, na karibu asilimia 95 yake iko kwenye misuli. Inayobaki imegawanyika kwenye ubongo, moyo, korodani na kwingineko. Akiba hii inavuja. Haivuji kwa sababu ya mazoezi wala kwa sababu ya ugonjwa. Inavuja kwa sababu molekuli yenyewe haitulii. Kila siku sehemu yake ndogo, kama asilimia 1.7, inapoteza maji na kujikunja kuwa kitu kingine kinachoitwa kreatinini. Hakuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kemia ya mwili, kinachofanya kazi hiyo. Ni kemia tu ya joto la mwili, inayoendelea hata ukiwa umelala.

Majina haya mawili yanachanganya watu sana, kwa hiyo tuyatenganishe mapema. Kreatini ndiyo mali. Kreatinini ndiyo makapi. Makapi hayarudi kuwa mali. Yanatoka kwenye msuli, yanaingia kwenye damu, figo zinayachuja na yanaishia kwenye mkojo.

Asilimia 1.7 ya gramu 120 ni gramu 2 na chembe. Hiyo ndiyo namba ya msingi katika hesabu yote: mtu huyo anapaswa kurudishiwa takriban gramu 2 kila siku, vinginevyo akiba itashuka. Mwanamke, ambaye kwa kawaida ana misuli michache, anapoteza pungufu ya hapo, na mzee aliyekonda anapoteza pungufu zaidi.

Angalia kitu kimoja hapa, kwa sababu tutakihitaji baadaye. Kinachovuja ni asilimia, si kiasi kilichopangwa. Fikiria simtanki yenye tundu chini: likiwa limejaa maji yanatoka kwa kasi, kiwango kikishuka maji yanatoka kwa unyonge. Akiba ya kreatini iko hivyo hivyo. Mwenye gramu 120 anapoteza gramu 2. Mwenye gramu 100 anapoteza gramu 1.7.

Jiko la figo na ini

Kreatini inatengenezwa kwa hatua mbili, na jambo la kushangaza ni kwamba hatua hizo hazifanyiki mahali pamoja. Ya kwanza inafanyika zaidi kwenye figo, na kwa kiasi fulani kwenye kongosho. Ya pili inafanyika kwenye ini. Kati ya hizo mbili bidhaa inasafiri ndani ya damu ikiwa haijakamilika, kama vile kitanda kinachochongwa karakana moja na kupakwa rangi karakana nyingine mtaa wa pili.

Kwenye figo kuna kimeng'enya kinachojulikana kwa herufi AGAT. Kinachukua arginini na glisini, asidi amino mbili, yaani vipande vinavyojenga protini. Kutoka kwenye arginini kinakata kipande chenye kaboni moja na nitrojeni mbili, kinakipachika kwenye glisini, na kinachotokea kinaitwa guanidinoasetati. Arginini iliyokatwa inabaki kuwa ornithini na kwenda kwenye shughuli nyingine.

Guanidinoasetati inatoka kwenye figo, inapita kwenye damu na kufika kwenye ini. Huko kimeng'enya cha pili, GAMT, kinaiongezea kipande kidogo cha kaboni kinachoitwa methili. Methili hiyo inatoka kwenye methionini, asidi amino ya tatu katika kazi hii. Hapo ndipo kreatini inapokamilika. Ini haliiweki, linaitupa kwenye damu mara moja. Misuli nayo, ambayo haina uwezo wa maana wa kuitengeneza, inaivuta kutoka kwenye damu kwa kutumia mlango maalumu ulioko kwenye ngozi ya kila seli ya msuli. Ndani ya msuli kuna kreatini nyingi kuliko nje, kwa hiyo mlango huo unaisukuma kwa nguvu, ukisaidiwa na chumvi ya sodiamu inayoingia pamoja nayo.

Watu walijuaje kwamba ni asidi amino hizo na si nyingine? Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Konrad Bloch na Rudolf Schoenheimer waliwalisha panya asidi amino zilizotiwa alama kwa nitrojeni nzito, kisha wakaitafuta alama hiyo kwenye kreatini ya misuli. Waliipata pale walipotumia glisini na arginini. Njia hiyo ya kumwekea mnyama alama kwenye chakula na kufuatilia inakoishia ilikuwa mpya wakati ule.

Kwa mtu mzima anayekula nyama kiasi, jiko hili linatoa kama gramu 1 kwa siku. Gramu moja inasikika kama si kitu, lakini gharama yake ni kubwa. Methili ni bidhaa ambayo mwili unaihitaji kila mahali, kuanzia kwenye DNA hadi kwenye mafuta ya ngozi za seli, na makadirio ya wanabiokemia ni kwamba kreatini peke yake inakula kama asilimia 40 ya methili zote zinazotolewa kwa siku. Methionini ikishatoa methili inaishia kuwa homosisteini, na ili irudi kuwa methionini inahitaji folati na vitamini B12. Mtu aliyepungukiwa B12, awe hali nyama kabisa au tumbo lake halifyonzi vizuri, anaweka mzigo hapo hapo.

Na malighafi? Mpwa wangu aliuliza kama ugali na maharage vinatosha kuendesha jiko hili. Vinatosha. Maharage yana arginini ya kutosha lakini methionini yake ni haba; mahindi yana methionini nzuri zaidi kwa kulinganisha. Glisini mwili unajitengenezea, na imejaa kwenye kolajeni, protini ya ngozi na kano. Supu ya makongoro, ambayo karibu yote ni ngozi, kano na gegedu, haina kreatini ya kutaja kwa sababu haina msuli, lakini ina glisini tele. Kwa hiyo anayekunywa makongoro hapewi bidhaa; anapewa sehemu ya malighafi.

Jiko lina kidhibiti chake, nacho kiko kwenye hatua ya kwanza. Kreatini ikiongezeka kwenye damu, figo zinapunguza utengenezaji wa AGAT, na guanidinoasetati inashuka. Kreatini ikipungua, AGAT inarudi. Anayekunywa unga gramu 5 kwa siku anakuwa amelipunguzia jiko lake moto. Akiacha, linawaka tena. Kiwanda hakifi kwa kukaa bila kazi, kama wanavyoogopeshana vijana wa jimu.

Hatua moja ikikatika

Njia nzuri ya kuona kwamba jiko hili lipo kweli ni kumwangalia mtoto aliyezaliwa bila sehemu yake moja. Mwaka 1994 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za mtoto mdogo ambaye maendeleo yake yalikuwa yamesimama na mwili wake ulikuwa na mijongeo isiyo ya kawaida. Walipoupima ubongo wake kwa mashine ya sumaku inayosoma kemikali, pale ambapo kwa kila mtu pana mlima wa kreatini kwake palikuwa tambarare. Mkojo wake ulikuwa na kreatinini kidogo mno. Badala yake kulikuwa na guanidinoasetati nyingi.

Ukishajua hatua mbili, unaweza kusoma majibu hayo mwenyewe. Guanidinoasetati imerundikana, maana yake figo zinafanya kazi yake. Kreatini hakuna, maana yake ini halimalizii. Kimeng'enya kilichoharibika ni GAMT. Kama ingekuwa AGAT, guanidinoasetati ingekuwa chini pamoja na kreatini. Na kama tatizo lingekuwa mlango wa kuingizia kwenye seli, jiko lingekuwa zima na kreatini ingekuwa inamwagika kwenye mkojo huku ubongo ukiikosa.

Mtoto yule alipewa kreatini ya kumeza na hali yake ikaboreka, ingawa ilihitaji dozi kubwa na muda mrefu. Sababu ni kwamba ubongo hautegemei sana kreatini ya kwenye damu. Ukuta unaoutenga na damu unaipitisha kwa shida, kwa hiyo seli za ubongo zina jiko lao dogo, lenye AGAT na GAMT humo humo. Ndiyo maana pia watu wasiokula nyama, wakipimwa, kreatini ya ubongo wao haionekani kuwa pungufu kuliko ya walaji nyama, japo ya misuli yao ni pungufu.

Kichanga naye ni mfano mwingine, na huyu hana ugonjwa wowote. Maziwa ya mama yana kreatini kidogo, inayotosheleza karibu sehemu moja ya kumi ya anachohitaji. Zilizobaki anazitengeneza mwenyewe, tena huku akikua na kujenga misuli mipya ambayo nayo inataka kujazwa. Hakuna anayeendesha jiko lake kwa kasi kuliko yeye.

Kinachotoka buchani

Sasa tuingie kwenye sahani. Nyama mbichi ya ng'ombe ina kreatini kama gramu 4.5 kwa kila kilo. Ya nguruwe inaikaribia gramu 5. Kuku yuko chini kidogo ya ng'ombe. Jodari yuko kwenye gramu 4 hivi, samaki wengi wa mnofu mweupe wako kwenye 3, na anayeongoza ni heringi wa bahari za kaskazini, ambaye vipimo vyake huanzia gramu 6.5 na kupanda. Maziwa yana gramu 0.1 tu kwa lita. Kwenye maharage, dengu, mchicha na ugali hakuna.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba kinachotafutwa ni msuli wa mnyama mwenye uti wa mgongo. Ini la ng'ombe, pamoja na kwamba ndilo linalomalizia kuitengeneza, lina kidogo, kwa sababu halihifadhi. Utumbo nao uko chini ya steki. Mifupa haina.

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani hawatalipenda. Pweza hatumii kreatini. Wala kamba, wala ngisi, wala kaa. Wanyama hawa wana akiba ileile ya fosfeti ya haraka, lakini wanaibebesha arginini badala ya kreatini. Kwa hiyo supu ya pweza, inayouzwa jioni kando ya barabara kwa sifa ambazo sina haja ya kuzitaja hapa, ina kreatini karibu na sifuri. Arginini inayo, na arginini ni malighafi; zaidi ya hapo nisimharibie mtu biashara.

Vitabu vingi vinasema kwamba mtu hupata gramu 1 kwa chakula na kujitengenezea gramu 1, nusu kwa nusu. Usemi huo una ukweli, ila una watu wake. Umetokana na vipimo vya walaji nyama wa nchi za Magharibi. Marekani, wanaume vijana wanakadiriwa kupata kama gramu 1 kwa siku kutoka kwenye chakula, na wanawake kama theluthi mbili ya hapo. Ili ufikishe gramu 1 kwa nyama ya ng'ombe unahitaji gramu 220 za nyama mbichi isiyo na mfupa, kila siku, mtu mmoja. Kwa familia ya watu sita hiyo ni kilo 1.3 kwa siku, zaidi ya kilo 9 kwa wiki. Sijui wewe, lakini bucha letu likiniona nanunua kilo 9 litauliza harusi ni ya nani.

Tukapiga hesabu ya nyumba yetu. Sisi ni sita. Nyama tunanunua mara tatu kwa wiki, nusu kilo mchanganyiko. Muuzaji anakata, anatupa juu ya mizani kipande cha mbavu, anaongeza steki, anamalizia na mafuta kidogo ili sindano ifike. Ukitoa mifupa na mafuta, nyama halisi ni kama gramu 350. Zidisha kwa gramu 4.5 kwa kilo, unapata kreatini gramu 1.6. Gawanya kwa sita, kila mmoja ana gramu 0.26. Ni mara tatu kwa wiki, kwa hiyo wastani wa siku ni gramu 0.11. Samaki tunakula mara mbili, na kipande cha kila mtu kina mnofu wa gramu 100 hivi, chenye kreatini gramu 0.3 hadi 0.4, wastani wake kwa siku ni gramu 0.1. Ongeza kikombe cha chai ya maziwa, ambacho hakifikishi hata gramu 0.02. Jumla ni kama robo gramu.

Robo gramu, dhidi ya gramu 1 ya vitabuni. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo sisi tunapungukiwa?"

Rudi kwenye simtanki. Chakula kikileta kidogo, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, kreatini kwenye damu inashuka, AGAT inaachiwa huru na figo zinaweza kutoa zaidi. La pili, akiba ya misuli inashuka taratibu, na kwa sababu uvujaji ni asilimia ya akiba, kinachopotea nacho kinapungua. Tuseme jiko limepanda hadi gramu 1.45 na sahani inaleta 0.25, jumla ni gramu 1.7, ambayo ndiyo hasa inayovuja kwenye akiba ya gramu 100. Hapo pipa limetulia. Limetulia chini kidogo ya la yule Mmarekani wa nyama kila siku, lakini halishuki tena. Wasiokula nyama kabisa wakipimwa misuli, kreatini yao huwa chini ya walaji nyama kwa asilimia 10 hadi 20 hivi, na wanaishi, wanalima, wanazaa. Huu si upungufu kama ule wa madini ya chuma, wenye dalili na jina lake.

Tofauti yake inaonekana penginepo: asiyekula nyama akinywa ule unga, misuli yake huupokea zaidi kuliko ya mtu aliyekwishajaa. Gramu 5 za unga ni sawa na nyama mbichi kilo 1.1. Kwa sahani ya kawaida huwezi kuzifikia, na kwa supu ya asubuhi ndiyo kabisa.

Kinachobaki kwenye sufuria

Basi supu. Bakuli lenye vipande vitatu vya nyama, uzito wake mbichi gramu 100, lilianza na kreatini gramu 0.45. Kreatini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyama ikichemka sehemu yake inahamia kwenye mchuzi. Haijapotea, ipo kwenye supu, mradi uinywe. Anayechemsha nyama, kumwaga maji na kuikaanga, ndiye anayeimwaga.

Upotevu wa kweli ni ule tuliouona mwilini, ila sasa unaenda kasi. Joto linaigeuza kreatini kuwa kreatinini, na kadiri sufuria inavyokaa motoni ndivyo inavyogeuka zaidi. Ndimu na nyanya huchangia kidogo kwa sababu asidi huharakisha mgeuko huo. Nyama iliyopitishwa motoni upesi hupoteza sehemu ndogo. Iliyochemshwa saa nyingi, kama supu inayobandikwa usiku ili iuzwe alfajiri, inaweza kupoteza theluthi. Bakuli la mpwa wangu, basi, linampa kama gramu 0.3 ya mali na baki yake ni makapi. Kreatini iliyosalimika inafyonzwa karibu yote. Asidi ya tumboni haiiathiri kwa maana haikai humo muda mrefu. Makapi nayo yanafyonzwa, na hayo ndiyo yaliyomletea shemeji yangu shida.

Yeye alikuwa anapima afya kwa ajili ya kazi mpya. Jioni ya kuamkia siku hiyo kulikuwa na sherehe ya ndugu, na asubuhi akapita kwenye supu kabla ya kwenda maabara, kwa hoja kwamba hakuna aliyemwambia afunge. Karatasi ikarudi na kreatinini ya 124, kipimo cha maikromoli kwa lita, na alama ya mshale ukiangalia juu. Mtu akamwambia figo zake zimeanza kuchoka. Alikuja kwangu akiwa ameacha chumvi, ameacha nyama na ameanza kuaga.

Kipimo kile kinafanya kazi kwa dhana moja: kwamba kreatinini ya kwenye damu inatoka kwenye misuli kwa kiwango kisichobadilika sana, kwa hiyo ikipanda, kilichobadilika ni uchujaji wa figo. Nyama iliyopikwa sana inavunja dhana hiyo, kwa kuwa inamimina kreatinini iliyokwisha kutengenezwa kwenye sufuria. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima wenye afya yalionyesha hivyo: nyama ya kuchemsha ilipandisha namba kwa saa kadhaa, mbichi haikuipandisha. Mwongozo wa Uingereza wa magonjwa ya figo unamtaka mgonjwa asile nyama saa 12 kabla ya kutolewa damu kwa kipimo hiki. Shemeji alikaa siku mbili kwa ugali, mchicha na maharage, akarudia. Ikawa 96, bila mshale.

Nilimwonya asifurahie kupita kiasi, kwa sababu kosa hili lina upande wake wa pili ambao ni mbaya zaidi. Kama mtu mwenye misuli mikubwa aliyeshiba nyama anaweza kuonekana mgonjwa naye ni mzima, bibi wa kilo 42 anayekula uji na ndizi anaweza kuonekana mzima naye ni mgonjwa. Misuli yake ni michache, akiba yake ni ndogo, kwa hiyo anatoa kreatinini kidogo kila siku. Figo zake zinaweza kupoteza nusu ya uwezo na namba kwenye karatasi ikabaki ndani ya kiwango. Fomula zinazogeuza namba hiyo kuwa kasi ya uchujaji zinaingiza umri na jinsia. Unene wa mikono yake haziujui, wala alichokula. Kwa mtu kama huyo daktari anaweza kuagiza sistatini C, protini inayotolewa na karibu seli zote za mwili na ambayo haitegemei nyama wala misuli kwa kiasi kile.

Mpwa wangu bado anakunywa supu asubuhi. Anasema ni kwa ajili ya chapati.